Viongozi wa vikundi, "chochote mlichojaliwa" si ombi la udhamini!

Katibu wa Timu (mfungua uzi)

Ndugu wanajukwaa, nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na sina sababu ya kuificha. Mimi ni katibu wa timu ya mpira wa wavu ya wasichana walio chini ya miaka 16. Ligi inakaribia, tunahitaji jezi, na mwenyekiti wetu, bila kumshirikisha yeyote, aliandaa ujumbe huu ili utumwe kwa kila mfanyabiashara ambaye namba yake anayo:

"Shikamooni wahisani wetu wapendwa. Tunapiga magoti mbele yenu. Watoto wetu wanateseka, hawana jezi, wanachekwa na wenzao. Tunaomba chochote mlichojaliwa, hata kidogo tutashukuru. Msipotusaidia ninyi, tutakwenda wapi? Tuma kwa namba hii. TAFADHALI SAMBAZA."

Kwanza, wasichana wale hawateseki. Wanafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, na msimu uliopita walishika nafasi ya pili. Jambo hilo, ambalo ndilo lingemfanya mtu atake jina lake lionekane pamoja nao, halimo kabisa, na badala yake wameanikwa mbele ya watu kama mayatima. Pili, mwenye duka anayesoma "chochote" hajui kinachohitajika ni kiasi gani, hajui kama atakachotoa kitamaliza jambo lolote, na akiona "sambaza" anaelewa kwamba wengine wengi wameombwa, kwa hiyo anawaachia hao wengine. Tatu, namba ni ya nani? Hakuna jina la mweka hazina wala ahadi ya risiti. Na lile swali la "tutakwenda wapi" linamtwisha lawama mtu ambaye hata hajajibu.

Nilimsihi asiutume, nikauandika upya kwa ajili ya duka moja tu la vifaa vya shule, kwa sababu wateja wake ndio wazazi wanaokuja kutazama mechi zetu:

"Habari za asubuhi. Mimi ni katibu wa timu ya wavu ya wasichana inayofanya mazoezi katika uwanja ulio nyuma ya duka lako. Timu ina wachezaji 14, na msimu uliopita ilishika nafasi ya pili katika ligi ya vijana. Msimu ujao tutacheza mechi 10, sita kati ya hizo katika uwanja huu, ambako kwa kawaida huja watazamaji 60 hadi 80, wengi wao wakiwa wazazi wa wanafunzi. Tunatafuta mdhamini mmoja wa jezi 14. Nembo ya duka lako itachapwa kifuani, utaiona na kuikubali kabla haijachapwa, na jezi hizo hazitabeba nembo ya biashara nyingine msimu mzima. Nimeambatanisha ankara ya fundi, na malipo yanaweza kwenda kwake moja kwa moja. Kwa kuwa fundi anahitaji wiki tatu, naomba nikupigie Alhamisi nisikie uamuzi wako. Iwapo jezi zote ni nyingi kwa sasa, mipira miwili ya mazoezi nayo itatufaa. Asante kwa muda wako."

Kila sentensi hapo inajibu swali ambalo mwenye duka angeliuliza, na ile ya mipira miwili inampa nafasi ya kukubali kidogo au kukataa bila kuona haya. Mwenyekiti aliusoma akasema hauna unyenyekevu. Akapachika mwishoni "au chochote mlichojaliwa", kisha akautuma kwa maduka manne yanayouza bidhaa zilezile. Manne! Mmoja alituma fedha kidogo kwenye namba ya mwenyekiti na kuandika "endeleeni na wengine". Wa pili ametuuliza: "Kama mnatafuta mdhamini mmoja, mbona jirani yangu naye ameupata?" Sasa mimi ndiye ninayetakiwa kumjibu.

Mwenye Duka la Dawa

Pole, Katibu, lakini niseme la upande wetu. Ujumbe wa namna hiyo hunijia mara kwa mara, mfupi na mrefu, na kusema kweli yote siisomi. Huwa namsaidia mtu ninayemfahamu, aliyekuja dukani akanisalimu na kunieleza. Ungekwenda mwenyewe, barua isingekuwa na kazi yoyote.

Mhasibu Mstaafu

Kwenda mwenyewe ni sahihi, Mwenye Duka, ila barua ina kazi usipokuwepo. Mara nyingi anayekusikiliza kaunta siye anayeidhinisha fedha. Ataipeleka kwa mwenzi wake au mbia wake, na ukiwa hukuacha karatasi, atakachokumbuka ni "walikuja watu wa timu, wanaomba". Nimekagua hesabu za maduka mengi. Sadaka hutoka katika fungu dogo, pengine mfukoni mwa mwenyewe, na huisha haraka. Nembo kifuani ni tangazo, na tangazo lina fungu lake. Mwenyekiti wenu, kwa neno "chochote", aliliondoa ombi katika fungu la pili akalirudisha katika la kwanza, na ndiyo maana mlipata kidogo kilichokuja na maneno ya kuwaaga.

Nina angalizo moja tu kwa barua yako: wale ni watoto. Mdhamini atataka picha za timu aziweke dukani, kwa hiyo pateni ridhaa ya wazazi kwa maandishi kabla hamjamwahidi picha hata moja.

Mlezi wa Vijana

Mnamshambulia mwenyekiti kana kwamba kuomba ni dhambi. Watu wazima huombwa kwa heshima, na unyenyekevu haujawahi kumshusha mtu. Barua ya Katibu imekauka. Hata shikamoo haimo.

Katibu wa Timu

Shikamoo irudi, Mlezi, sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni kuwapigisha magoti watoto ambao hawakuulizwa.

Mgeni wa Jukwaa

Nami naomba msaada hapahapa. Mwenzetu katika kikundi amelazwa na bili haijalipwa. Je, tumwahidi mwenye duka kuweka nembo yake kwenye bango la kumwombea mgonjwa?

Mhasibu Mstaafu

Hapana, ndugu. Huo ni msaada, si udhamini. Ukiuwekea nembo utamdhalilisha mgonjwa pamoja na mtoaji. Andika kiasi kilichobaki, elekeza malipo hospitalini kwa namba ya bili, na mwombe mgonjwa au familia yake ruhusa kabla ya kutaja ugonjwa wake.

Katibu, kuhusu yule mwenye duka wa pili: mpigie leo, mwambie ujumbe ulitumwa kwa maduka manne kinyume cha ulivyoandikwa, na kwamba akikubali, nafasi ya kifuani ni yake. Fedha ya yule wa kwanza mwandikieni risiti ya mchango, iingie kwenye hesabu ya timu, itoke katika namba ya mwenyekiti.

Mwenye Duka la Dawa

Na wawili waliobaki wakijibu kesho kwamba nao wanataka? Ningekuwa mmoja wao ningehisi nimechezewa. Mimi ningewapa mgongoni.

Katibu wa Timu

Mgongoni siwezi, kwa sababu barua imeahidi nembo moja na wote wanne wameisoma. Labda bango la uwanjani, ingawa nalo litakuwa na nembo ya mshindani mbele ya macho ya mdhamini wa jezi katika mechi zote sita. Nitampigia wa pili mchana huu, na nitamuuliza yeye kwanza kama analikubali bango hilo kabla sijamtajia mtu mwingine.