Ninunue ufunguo wa gemu wa EUROPE au wa GLOBAL?

Kijana_wa_Makorora: Wakuu, habari za jioni. Nataka gemu ya malori. Kuna duka la mtandaoni linauza ufunguo ulioandikwa EUROPE kwa dola 14, na ulioandikwa GLOBAL kwa dola 21. Tofauti ni dola 7, si haba. Nichukue upi?

Bi_Tausi: Utajibiwaje hapo, mdogo wangu? Unauingiza wapi, Steam au kwingine? Akaunti ni ya nchi gani? Wewe mwenyewe uko wapi?

Nahodha_Msa: Chukua wa EUROPE, uwashe VPN ya Ujerumani wakati wa kuuingiza, kisha uzime. Dakika mbili tu.

Kijana_wa_Makorora: Samahani dada. Ni Steam, niko Tanga, akaunti nilifungulia hapahapa. Binamu yangu yuko Hamburg, naye alisema anaweza kuninunulia.

Fundi_Ubungo: Nahodha, hiyo ya VPN usimpe mtu. Masharti ya Steam yanakataza kuficha ulipo ili kukwepa mipaka ya nchi, na ukikamatwa unahatarisha akaunti nzima, si gemu moja. Halafu kufuli ziko mbili. Moja inazuia kuuingiza ufunguo tu. Nyingine inazuia gemu yenyewe kufunguka ukiwa nje ya nchi zilizoruhusiwa. Hiyo ya pili hata ukishapita mlangoni, gemu inakaa kwenye maktaba yako na haichezeki.

Nahodha_Msa: Mimi nimefanya hivyo mara mbili, na gemu zote nacheza hadi leo hapa Mombasa.

Fundi_Ubungo: Basi zako zilikuwa na kufuli ya kwanza peke yake. Ya Makorora hatuijui. Ingia tovuti ya SteamDB, tafuta gemu, fungua orodha ya vifurushi vyake. Kila kifurushi kina ukurasa wake. Ukikuta `onlyallowrunincountries` na orodha ya nchi isiyo na TZ, hicho hakitafunguka Tanga. Shida ni kwamba ufunguo wenyewe hausemi umetoka kifurushi kipi, kwa hiyo muuzaji lazima akuambie.

Bi_Tausi: Ngoja niseme yaliyonikuta. Nilimnunulia mwanangu ufunguo kwa muuzaji mmoja, nikafuata njia yote: Games, kisha Activate a Product on Steam, nikaandika herufi na namba zile kumi na tano. Ikaniambia bidhaa haipatikani kwa mauzo katika nchi hii, na mwishoni ikaandika `Your product key has not been redeemed`. Nikadhani nimekosea herufi, nikarudia, nikarudia tena, hadi Steam ikanizuia kwa sababu ya majaribio mengi, nikaambiwa nisubiri. Mtoto amekaa pembeni na vipokea sauti masikioni tayari. Kumbe sentensi ile ya mwisho ndiyo ilikuwa muhimu: ufunguo ulikuwa bado mzima! Nilimtumia muuzaji picha ya skrini, akaleta maneno wiki mbili, mwisho akarudisha nusu ya hela. Steam wenyewe hawakurudishii hela ya ufunguo ulionunua kwingine.

Fundi_Ubungo: Pole sana dada. Na ndiyo tofauti ya kuikariri. Ukiambiwa umeshatumika kwenye akaunti nyingine, umeibiwa. Ukiambiwa nchi haikubaliki, ufunguo ni mzima na mtu aliyeko nchi husika anaweza kuutumia. Acha kujaribu papo hapo.

Mwana_wa_Pwani: Lakini si Ulaya walishapiga marufuku kufuli hizi? Valve, wenye Steam, walitozwa faini.

Fundi_Ubungo: Walitozwa kweli, Januari 2021, Valve na wachapishaji watano, jumla euro milioni 7.8. Ila kosa lilikuwa kuwafungia watu wa ndani ya soko la Ulaya wenyewe kwa wenyewe, mathalani ufunguo wa Poland usifanye kazi Ujerumani. Tanga haimo.

Mwana_wa_Pwani: Sawa, ila mimi naona nasi tungelindwa vilevile.

Bi_Tausi: Makorora, mwambie binamu asinunue ufunguo. Akuongeze kuwa rafiki Steam, anunue gemu kama zawadi dukani humohumo. Bei za nchi mbili zikipishana sana Steam inakataa kabla hajalipa, na ukiikataa zawadi hela inarudi kwake.

Rama_Kiwengwa: Jamani, mimi nina kadi ya PlayStation ya Marekani, inakataa akaunti yangu ya Uingereza. Nifanyeje?

Bi_Tausi: Hiyo ni habari nyingine, Rama. Fungua mada yako.

Kijana_wa_Makorora: Nimemuuliza muuzaji wa GLOBAL anionyeshe orodha ya nchi. Ameleta, ndefu kweli. Kenya ipo, Uganda ipo. Tanzania nimeitafuta mara tatu siioni.

Nahodha_Msa: Tafuta kwenye "United", wengine huandika United Republic of Tanzania.

Kijana_wa_Makorora: Naangalia.