Mwanafunzi kanyimwa alama kwa mkondo hasi ulio sahihi: barua niliyomwandikia

Wanajukwaa, mimi ni mhadhiri hapa Arusha na nimekasirika kweli. Mwanafunzi wangu alikokotoa saketi ya vizunguko viwili bila kosa, kisha msahihishaji akalizungushia jibu lake wino mwekundu, akaandika "mkondo hauwezi kuwa hasi" na kumnyima alama. Naiweka hapa barua niliyomwandikia, ili wasahihishaji wenye tabia hiyo waisome.

"Mwanangu, usiifute hiyo alama ya kutoa. Kushoto ulikuwa na betri ya volti 6 na rizista ya omu 2, kulia betri ya volti 12 na rizista ya omu 2, na katikati rizista ya omu 4 inayotumiwa na vizunguko vyote viwili. Ncha chanya za betri zote zilielekea juu. Ulichora mishale yote miwili ifuate mwendo wa saa, ukaandika:

```
6·I1 − 4·I2 = 6
−4·I1 + 6·I2 = −12
```

Ukapata I1 = −0.6 A na I2 = −2.4 A. Mshale uliuchora kabla hujajua mkondo unaelekea wapi, kwa hiyo alama hasi inakueleza tu kwamba mkondo halisi unakwenda kinyume chake. Hakiki mwenyewe: katikati inapita I1 − I2, yaani ampea 1.8 kushuka chini, na kwa omu 4 hizo ni volti 7.2. Betri ya volti 6 inakutana na volti 7.2, basi itawezaje kusukuma mkondo nje? Inachajiwa kwa ampea 0.6. Ukiifuta hiyo alama, unamwambia msomaji kwamba betri inatoa umeme wakati inapokea."

Aliyesahihisha alipaswa kuijua hesabu hiyo kabla ya kushika kalamu.

Mwaka wa pili: Mwalimu, nimeelewa. Kumbe kila kizunguko chenye mkondo hasi, betri yake inachajiwa.

Mleta uzi: Hapana, kijana. I2 nayo ni hasi, lakini betri ya volti 12 ndiyo inayotoa, kwa sababu mshale wa kulia ulichorwa ukiingia kwenye ncha yake chanya. Tazama kwanza mshale umeingia wapi, ndipo usome alama.

Fundi sola, Moshi: Mita yangu ya kubana waya huonyesha kutoa nikipima waya wa betri ya mteja mchana. Ina maana paneli zimefungwa kinyume?

Mhandisi mstaafu: Hapana, ndugu fundi, mita ya mkondo mnyoofu ina mshale ubavuni, igeuze kwenye waya uone alama ikibadilika. Ila mhadhiri, mwanafunzi ambaye hakuchora mishale yake kwenye karatasi, mimi ningemkata. Alama hasi bila mshale haisomeki.

Mleta uzi: Huyu aliichora, mzee wangu. Asiyeichora ningemwita aje anieleze kabla ya kumkata.

Mhandisi mstaafu: Katika mtihani wa watu mia mbili? Hapo hatukubaliani.