Kukagua nywele na nguo zilizobadilishwa rangi: simu mezani au picha za skrini?

Mshonaji_Shangani (Mtwara)
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaandaa katalogi ya magauni na nywele bandia, na badala ya kupiga picha upya kwa kila rangi, ninabadilisha rangi kwenye picha ileile. Gauni la buluu na nywele nyeusi nimevigeuza vyote kuwa damu ya mzee. Kwenye simu yangu vinapendeza, lakini mteja mmoja anasema nywele ni nyeusi tii, na mwingine, anayetumia mandhari meusi, anaona ukingo mweupe kuzunguka kichwa. Je, niwaombe wateja picha za skrini, au niazime simu nizilinganishe mezani?

Bandarini_Kilwa
Mandhari meusi hubadilisha rangi za picha. Tengeneza picha mbili, ya mchana na ya usiku, kisha uthibitishe kwa picha za skrini.

FundiPicha_Lindi
Kinachozunguka picha hubadilika, ndugu wa Kilwa, ila kwa kawaida picha yenyewe haiguswi. Picha ya skrini nayo haitoshi, kwa sababu hubeba thamani za rangi tu, si mwanga uliotoka kwenye kioo cha mteja; ukiifungua, unaitazama kwa kioo chako mwenyewe.

Azima simu: moja ya AMOLED na moja ya bei nafuu yenye LCD. Zima mwanga wa usiku kwenye zote, na kama ni Samsung yenye chaguo hilo, jaribu Vivid kisha Natural, maana Vivid hukoleza rangi. Halafu shusha mwangaza, kwa kuwa hapo ndipo damu ya mzee hugeuka nyeusi. Ukitaka uhakika, geuza nakala iwe nyeusi na nyeupe: misuko isipoonekana hata hapo, tatizo ni giza, na kuongeza wekundu hakutasaidia, pandisha mwanga wa sehemu za kati.

Ukingo mweupe umetokana na PNG iliyokatwa kutoka ukuta mweupe, kwani vinywele vya pembeni, vilivyo nusu wazi, bado vimebeba weupe wa ukuta. Iweke juu ya `#FFFFFF`, kisha `#121212`, kisha `#000000`, nawe utauona ukijitokeza.

MamaSaluni_Masasi
Kwangu damu ya mzee hupauka mteja akiosha nywele kwa maji ya moto. Mshauri atumie ya uvuguvugu.

Mshonaji_Shangani (Mtwara)
Ahsante, dada, ila hizi ni nywele za kwenye picha tu. Fundi, ukingo nimeuona juu ya `#121212`. Nimesafisha vinywele vya pembeni, kisha nikaijaza picha nzima rangi ya krimu nyuma, hivyo mandhari ya simu hayaigusi tena. Misuko nayo inaonekana. Kilichobaki ni kwamba LCD inalionyesha gauni likielekea kahawia.

Bandarini_Kilwa
Simu ilikuwa imelala mezani? Baadhi ya LCD za bei nafuu hubadili rangi zikitazamwa kwa upande. Inyanyue, uitazame usawa wa macho, kisha utuambie.