Eti pilipili manga nyeupe ina mti wake! Yule jamaa kanivua nguo mbele za watu

Mkereketwa:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule jamaa mnamjua wote, yule anayejua kila kitu tangu dunia iumbwe. Leo nimesema kwa upole kabisa kwamba pilipili manga nyeusi na nyeupe ni mmea mmoja. Akacheka mpaka nikaona gego la mwisho, akanisonya, msonyo mrefu kama treni ya mizigo. Kisha akachukua punje moja nyeusi, akaniwekea kiganjani: "Nenda nayo, ikizaa nyeupe unipigie."

Kiganjani, wakuu! Mbele ya watu 12!

Nimefika nyumbani nimeipasua kwa kisu. Nje nyeusi kama mkaa, ndani nyeupe imepauka. Sasa mti mwingine uko wapi? Nimekuwa mtu wa kuwekewa punje kiganjani?

Mla_Ndimu:
Punje moja tu umefungua uzi. Angekupa gunia tungekuzika.

Kipepeo_Mkavu:
Mleta mada yuko sahihi. Nyeupe ni ile nyeusi iliyomenywa. Unachukua nyeusi kavu, unaloweka, unasugua ganda, kwisha.

Mzee_wa_Vichala:
Mmea ni mmoja, ila kwenye kumenya umepatia nusu, Kipepeo. Tofauti inaanzia kwenye kuvuna. Ya nyeusi tunachuma kichala kikiwa kijani, punje moja mbili tu zimeanza kugeuka rangi. Wengine wanaichovya kwenye maji ya moto kama dakika moja ili ikauke upesi na rangi itoke sawasawa, halafu inaanikwa juani siku kadhaa. Hakuna anayeipaka rangi. Ganda linasinyaa na kujigeuza jeusi lenyewe, kama tunda ulilolikata ukaliacha wazi.

Ya nyeupe unasubiri ziive ziwe nyekundu. Unazitia kwenye gunia, unalizamisha kwenye maji yanayotembea kwa wiki moja hadi mbili. Ganda linaoza na kulegea, unakanyaga, unasuuza mpaka ibaki kokwa tupu, ndipo unaanika. Sarawak kule Malaysia na kisiwa cha Bangka kule Indonesia wanafanya hivyo miaka mingi. Kuna mashine za kumenya nyeusi kavu, kweli, lakini punje nyingi huvunjika au hubaki na madoa ya ganda.

Na hasara ipo. Kilo 100 mbichi zinakupa nyeusi kama kilo 33, nyeupe kama 25. Hapo bado ndege, maana wao pia wanangoja ziive.

Mkereketwa:
Kwa hiyo nilisema kweli! Na bado nikawekewa punje KIGANJANI. Mzee, uje umwambie wewe, mimi nikimwona nitapasuka.

Dada_Kinu:
Mbona nyeupe niliyonunua inanuka zizi la ng'ombe? Nimeitupa yote. Au imeoza?

Mzee_wa_Vichala:
Maji yalisimama, dada. Gunia likilazwa kwenye pipa wiki nzima bila kubadilisha maji, ile harufu ya kuoza inaingia kwenye kokwa na haitoki hata ukianika mwezi. Wakibadilisha maji kila siku inapungua sana.

Mtu_wa_Pwaguzi:
Sikubali. Nyeupe isiyonuka kidogo mimi siitambui, ndiyo tabia yake. Mnataka inukie kama nyeusi?

Mzee_wa_Vichala:
Kama nyeusi haiwezi. Mafuta mengi ya harufu yapo kwenye ganda, na ganda umelitupa. Ukali ndio unabaki, uko ndani ya kokwa. Lakini zizi ni zizi, ndugu yangu.

Mtu_wa_Pwaguzi:
Pua yako na yangu tofauti. Tuishie hapo.

Kijana_Mpya:
Samahani, kwa hiyo pilipili hoho nyekundu na ya kijani nazo ni mmea mmoja?

Mla_Ndimu:
Huyu naye awekewe punje kiganjani.

Mkereketwa:
Msifanyie mzaha hiyo punje!!

Gunia_Tupu:
Nyie mnalia punje, mimi nimeuziwa mbegu za papai! Robo nzima ya mfuko! Zikikauka zinasinyaa zinafanana na pilipili manga nyeusi kama pacha. Nimetafuna, chungu, haina mwasho wa maana. Muuzaji ananitazama usoni anasema "aina mpya."

Kipepeo_Mkavu:
Mwaga kwenye maji. Papai inaelea.

Mzee_wa_Vichala:
Pilipili iliyochumwa changa sana nayo inaelea, kokwa haijajaa. Usihukumu kwa maji peke yake. Zichukue zilizoelea uzikague: ya papai imekaa kama yai, pilipili ni duara.

Gunia_Tupu:
Zimeelea nusu bakuli. Nyingi mayai. Naenda kwake sasa hivi.

Dada_Kinu:
Mimi kanichanganyia unga kwenye nyeupe ya kusaga, nadhani ni huyo huyo. Ana kofia ya bluu?

Gunia_Tupu:
Huyo huyo! Nisubiri twende wote.