Naomba ushauri: taa ya urea haizimiki, lori limepungua nguvu

Wakuu, habari za kazi. Niko Tanga. Lori langu la dizeli limewasha taa ya urea na kompyuta imelipunguzia nguvu. Kuelekea Segera na mzigo linapanda kwa shida. Tangi la urea limejaa.

Skana inatoa kodi ya hitilafu P20EE, yaani gesi za NOx hazipunguzwi vya kutosha kwenye ekzosi. Urea tumeipima kwa refraktomita, ni 32.5% inavyotakiwa. Nozeli ilikuwa na chumvi nyeupe; fundi ameiosha kwa maji ya moto, tukaimwagisha kwenye kikombe cha vipimo, kiasi kiko sawa. Tukifuta kodi, inarudi injini ikishapata moto.

Fundi mmoja anasema sensa ya NOx ya nyuma imekufa, mwingine katalisti imechoka. Vyote ghali. Je, ekzosi ikiwa ya moto, tukizima urea kwa skana hadi amonia iliyobaki iishe, sensa ya mbele na ya nyuma zinapaswa kusoma karibu sawa? Zikilingana, kisha urea ikirudi na ya nyuma isishuke, basi katalisti ndiyo imechoka?

(Wa kushauri niuzime mfumo mzima kwenye kompyuta, hapana, asante.)