Siku za modeli saluni: mnatia watu dawa bila kuwaambia anayepaka ni mwanafunzi!

Mizizi_Kwanza:
Wakuu, nimechoka kunyamaza. Tangazo linasema "leo nusu bei", basi. Mteja anakuja kugundua kazi inafanywa na mwanafunzi akiwa ameshafungwa kitambaa shingoni, dawa iko kwenye bakuli, ndipo anaulizwa "huna shida, eti?" Hapo nani atakataa mbele ya saluni nzima? Mnamtega halafu mnasema amekubali.

Tuchukue ritachi, kupaka dawa maoteo mapya tu ya mizizini, maana ndiko watu wanakoungua. Tuseme pakiti inatoa dakika 15, kuanzia brashi ya kwanza hadi maji. Mwanafunzi anatumia dakika 6 kwa robo moja ya kichwa. Akimaliza robo ya nne ni dakika ya 24, na kisogo alichoanza nacho kimepitiliza dakika 9 kabla hata hajaanza kulainisha. Akiona saa inamkimbia, mkono unakosa utulivu na brashi inashuka kwenye nywele za zamani. Hizo zilishatiwa dawa; zikiguswa tena zinakatika palepale zinapokutana na maoteo. Mteja anaona baada ya siku kadhaa, vipande vifupi vimejaa kwenye kitana, na punguzo lenu limeshasahaulika.

Kama lazima mfanye ritachi siku hiyo, mwanafunzi apake robo mbili na msimamizi robo mbili, waanze kwa pamoja. Kabla ya hapo apake kondishena kwenye kichwa cha mazoezi, saa ikiwa mbele yake, mpaka robo iishe ndani ya dakika 3. Na msimamizi awe wa kichwa hicho kimoja. Anayezunguka viti vitatu hasimamii kitu.

Mteja aambiwe siku anapoweka miadi: nani atapaka, nani atasimamia, atakaa muda gani zaidi, na kwamba akisema "basi" msimamizi anamalizia kwa bei ileile. Ruhusa ya picha iombwe kando. Kukubali kupakwa dawa siyo kukubali kuwekwa mtandaoni.

Mama_Kitana:
Si wasaini fomu tu yaishe? Halafu siku hizo tumieni dawa ya kuchanganya, ile ya krimu na maji yake. Hiyo haiunguzi.

Mizizi_Kwanza:
Dada, fomu sawa, ila isomwe kabla hajakaa. Kuhusu dawa ya kuchanganya, ni kweli wengi wanaivumilia zaidi kichwani, lakini inaunguza vilevile ikikaa kupita muda. Na ikishachanganywa haifai kuwekwa kiporo. Nimesikia wanafunzi wakiambiwa waitunze kwa mteja wa mchana. Ni makosa makubwa.

Suka_Zetu:
Kwa hiyo unataka wanafunzi wasifundishwe? Wote tulianzia kwenye vichwa vya watu.

Fundi_Brashi:
Hajasema hivyo, soma tena. Wafundishwe kuosha, kukausha, kuseti, kusuka. Huko mkono ukikosea unarudia. Dawa ikishakula nywele hurudii.

Tulia_Nywele:
Mimi nilifumua rasta jioni, kesho yake asubuhi nikapakwa kwenye siku kama hiyo. Hakuna aliyeniuliza. Nilisikia moto nyuma ya sikio nikaambiwa nivumilie kidogo.

Fundi_Brashi:
Pole sana. Ulitakiwa kurudishwa mlangoni. Ngozi inakuwa imetoka kuvutwa na kukwaruzwa, dawa inaingia kwenye vidonda ambavyo hata huvioni. Msimamizi agawe nywele aangalie kichwa kizima mwenyewe, asiulize tu "una kidonda?" Akiona mkwaruzo, blichi, au mteja ni mtoto, hakuna dawa siku hiyo. Ngozi ikiwa safi, apake mafuta ya mgando kwenye kingo na masikio. Na neno "vumilia" lifutwe. Mteja akisema inachoma, sehemu hiyo inaoshwa sasa hivi hata kama nywele hazijanyooka, halafu shampuu ya kukata dawa. Kama shampuu ni ile ya kubadilika rangi, rudia mpaka povu litoke jeupe. Povu la waridi maana yake dawa bado imo.

Mama_Kitana:
Hapo kwenye povu wengi wanaosha mara moja tu, nakubali. Lakini wawili kwenye kichwa kimoja, mikono haipishani? Mmoja anapaka nzito, mwingine nyepesi, upande mmoja unanyooka, mwingine unabaki na mawimbi.

Mizizi_Kwanza:
Hutokea. Ndiyo maana msimamizi achukue robo za mbele, mwanafunzi kisogo. Mawimbi ya kisogo yanavumilika.

Fundi_Brashi:
Hapo tunatofautiana. Mimi ningeondoa dawa kabisa siku za modeli. Kisogo nacho ni kichwa cha mtu.