Nimefikisha obyektifu ya Desemba, zawadi yangu ni kuongezewa!

Wandugu, niko Lubumbashi, ajenti wa mikopo kwenye mikrofinansi moja. Nazunguka soko la komini ya Kenya, hapahapa mjini, mpaka Katuba. Kila mwezi ikifika tarehe 20, usingizi unanikimbia.

Desemba nilijiua nikatoa mikopo ya dola 20,000 kama walivyotaka. Januari shefu anasema 22,000, eti "umeonyesha inawezekana." Januari hii! Mvua, soko limelala, pesa imeisha kwenye sikukuu. Mwenzangu aliyeficha dosie tatu Desemba ili azitoe Januari ndiye anacheka sasa.

Na wakati huohuo wanataka madeni ya kuchelewa yasipite 5%. Portifoli yangu, yaani mikopo yote ambayo wateja wangu bado wanadaiwa, ni 80,000, waliopita siku 30 wamebakiza 4,600. Hiyo ni 5.75%. Mama anayeuza samaki wa tomsoni akikosa malipo ya 110 tu, siku ya 31 wanahesabu deni lote alilobakiza, 450! Mwezi uliopita alikuwa na 70, nikamjazia 40 za mfukoni mwangu. Bibi yangu nyumbani hajui.

Papa_Ruashi: Mdogo wangu, nimekuwa shefu wa ajansi miaka 9. Acha kujazia watu, mwezi ujao atakosa tena. Sasa piga hesabu yao. Ili hizo 4,600 zishuke chini ya 5% bila kukusanya kitu, portifoli ipite 92,000. Wewe ukitoa 22,000, wateja wakirudisha tuseme 15,000, unafika 87,000. Bado 5.3%. Umefikisha obyektifu moja na nyingine imekushinda! Na mkopo wa leo hauonyeshi ubaya haraka: malipo ya kwanza ni baada ya mwezi, ongeza siku 30. Ukigawa ovyo Januari, Februari wanakupigia makofi, Aprili unalia.

Kijana_wa_Kasumba: Kodi ya kazi ya 2002 inakataza kufukuza mtu kwa sababu ya obyektifu. Nenda kwa enspekta wa kazi, wataogopa.

Papa_Ruashi: Haisemi hivyo, kijana. Inataka sababu halali, na uwezo wa mfanyakazi ni mojawapo. Wataandika "hana uwezo". Ndiyo maana kila dosie unayoikataa, andika tarehe na sababu, ubaki na kopi. Enspekta atauliza karatasi, si machozi.

Mama_Noella: Kumbe! Ajenti mmoja alikuja kwenye meza yangu mara nne kunilazimisha mkopo, ya tano akaleta soda. Ni wewe?

Mwenye uzi: Si mimi mama, ingawa soda nimenunua nyingi. Papa, hizo karatasi nitaanza, lakini nikikataa dosie, 22,000 naitoa wapi? Na shefu ameandika sasa hivi kwenye grupu: "Uko ngapi?" Leo Jumapili, niko kanisani.